Jopo halisomei mkutanoni

Wiki iliyopita niliulizwa tena. Safari hii ni katibu wa kikundi cha wenye ploti hapa Huruma, ambao wanataka jumba lao la orofa saba likaguliwe na jopo la wataalamu. "Injinia, mkutano ni Ijumaa saa nne asubuhi. Nikiwatumia makaratasi Alhamisi jioni, si inatosha? Wakifika tutawapitisha kwa slaidi."

Haitoshi, na nimechoka kulijibu swali hili kwa upole. Kila anayeniuliza anaamini kwamba mtaalamu ni mtu wa kutazama tu: mwonyeshe plani ukutani kwa dakika tano, naye ataliona kosa kwa sababu amesomea. Imani hiyo ndiyo inayoleta ripoti zenye sahihi tano ambazo hakuna hata mmoja kati ya watano aliyepiga hesabu.

Tuichukue nguzo moja ya ghorofa ya chini, kwa mfano. Nguzo ina upana wa sentimita 20 kwa 20, na inabeba eneo la mita 3 kwa 4 katika kila sakafu. Ukijumlisha slabu, kuta za mawe, watu na vyombo vyao, kila sakafu inaitwika nguzo hiyo takriban tani 10. Kama plani iliidhinishwa kwa orofa nne, mhandisi aliyeichora alifikiria tani 40. Jumba sasa lina saba, kwa hiyo nguzo ileile ina tani 70 kichwani.

Je, inaweza kuzibeba? Maabara ilikata vipande vya zege kutoka kwenye nguzo na kuvibana hadi vikapasuka. Tuseme vilipasuka kwa kilo 120 kwa kila sentimita mraba. Nguzo ina sentimita mraba 400, kwa hiyo zege peke yake linafikia mwisho wake kwenye tani 48 hivi. Zinazobaki lazima zibebwe na nondo. Nondo nne za milimita 12 zinaongeza kama tani 18, jumla tani 66, na hapo nguzo ina mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Lakini zikiwa za milimita 16, zinaongeza kama tani 33, na jumla inapita 80. Hata hizo 80 hazimpi mpangaji usalama, maana sijaweka ziada yoyote ambayo kanuni za ujenzi zinaidai. Ila tofauti iko wazi: upande mmoja ni jengo la kuhamwa leo, upande mwingine ni jengo la kupunguziwa mzigo na kuimarishwa nguzo.

Tofauti yote hiyo imekaa kwenye mstari mmoja wa jedwali la nondo, jedwali ambalo hakuna mtu anayelionyesha kwenye slaidi kwa sababu halipendezi. Na hata likionyeshwa, hesabu niliyoifanya hapa ni ya nguzo moja. Jumba la ploti ya kawaida huwa na nguzo 20 au zaidi, na za katikati hubeba zaidi kuliko za pembeni. Mhandisi makini anahitaji mezani pake plani iliyoidhinishwa, vipimo vya jengo lilivyo sasa, majibu ya maabara yenye mchoro wa mahali kila kipande kilipokatwa, na ripoti ya udongo. Anahitaji pia nafasi ya kupiga simu maabara kuuliza kwa nini vipande vyote vilitoka upande mmoja wa jengo.

Swali hilo la mwisho nimelitaja kwa makusudi. Miaka kadhaa iliyopita niliketi kwenye jopo ambalo makaratasi yake, kurasa zaidi ya 200, yaliniingia kwenye simu usiku wa kuamkia mkutano. Plani zilikuwa zimepigwa picha na kurushwa kwa WhatsApp kama picha za harusi, tarakimu za vipimo zimegeuka ukungu. Asubuhi mwenyeji alituonyesha slaidi moja yenye wastani wa nguvu za zege, wastani mzuri kabisa. Tukatia sahihi, mimi nikiwamo. Baada ya siku tisa, niliposoma kiambatisho kwa utulivu, nikakuta hakuna kipande hata kimoja kilichokatwa kwenye nguzo za upande wa mto, ambako maji yalikuwa yakiingia kila masika. Nilimwandikia mwenyekiti siku hiyohiyo na jopo likaitwa upya. Siku hizo tisa bado zinaniuma, kwa sababu watu walikuwa wakilala humo.

Huruma inajua mto na masika yana maana gani. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jumba la kupanga kando ya mto liliporomoka na zaidi ya watu 50 wakafa. Lilikuwa tayari limeagizwa libomolewe. Mwaka uliotangulia, Januari 2015, jengo jingine lilikuwa limeanguka hapahapa mtaani. Mtu akiniambia kwamba wiki mbili za kusoma ninazozidai ni anasa ya maofisini, hayo ndiyo ninayoyakumbuka.

Basi ufanyeje? Tuma mwaliko wiki tatu kabla ya mkutano, na ndani yake andika swali moja ambalo jopo linaitwa kulijibu: "Je, jumba hili la orofa saba linaweza kuendelea kukaliwa, na kwa masharti gani?" Usiandike "kupitia ripoti", maana hapo kila mtu atapitia anachokipenda. Mpe mwalikwa siku tatu za kusema kama anakuja na kama ana maslahi yoyote kwa mwenye ploti, fundi au maabara. Asiyejibu mpigie, akikosekana mtafute mwingine wa fani ileile. Jopo lisilo na mtu wa udongo halina haja ya kukutana kando ya mto.

Makabrasha yafike siku 14 kabla, yote kwa pamoja. Ya lazima yasizidi kurasa 40, na kwenye jalada andika nani asome nini. Mengine yawe viambatisho. Plani zitume kama faili ya PDF, si picha, na nakala kubwa za karatasi zipelekwe kwa bodaboda. Yakishatumwa usibadilishe kitu kimyakimya. Kukiwa na sahihisho, toa toleo jipya lenye tarehe na useme ni ukurasa gani umebadilika.

Makataa ya maoni ya maandishi yawe siku nne za kazi kabla ya mkutano, kwa saa kamili, mfano Jumatatu saa kumi na moja jioni. Maoni yanatumwa kwa mwenyekiti peke yake, ili kijana wa jopo asisubiri kusikia mzee anasemaje. Usitangaze makataa ya uongo ukidhani utawawahisha, kwa kuwa wakiyagundua mara moja hawatakuamini tena. Kama nusu yao hawajaandika kufikia saa hiyo, ahirisha kwa wiki moja na uwaambie waliokwama ni kina nani. Ukishayakusanya maoni, mkutano unashughulikia yale waliyotofautiana tu, na saa mbili zinatosha.

Ratiba hii yote ni ya jengo lililotulia. Ukiona ufa kwenye nguzo unaopanuka kati ya asubuhi na jioni, milango iliyokuwa ikifunguka vizuri imekwama, au ukasikia zege likipasuka usiku, usingoje jopo. Toa watu nje kwanza, wote, kisha ndipo unipigie.