Nani alipe umeme wa friji?

Kwenye nyumba za kupanga za Mbagala, Manzese au Tandika, mita ya LUKU mara nyingi ni moja na vyumba ni vinne, sita, hata kumi. Umeme ukikata, kila mmoja anatoa mchango sawa na mwenzake, na minong'ono inaanza hapohapo. Mwenye friji anaambiwa ndiye anayemaliza umeme. Yeye anajibu kwamba kuna mtu anapiga pasi kila asubuhi. Bibi wa chumba cha mwisho, mwenye taa na redio tu, huwa anatoa na kunyamaza. Ugomvi huu una jibu, nalo linahitaji kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu.

Tuanze na bei. Mteja wa kawaida wa TANESCO yupo kwenye tarifa ya T1, ambayo tangu 2016 uniti yake ni Sh292. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA. Ukijumlisha, uniti inakufikia kwa Sh356 na senti kidogo, ndiyo maana umeme wa elfu kumi ni uniti 28 hivi. Manunuzi ya kwanza ya mwezi huleta pungufu, kwa kuwa hapo hukatwa pia kodi ya jengo, Sh1,500 kwa nyumba ya kawaida: elfu kumi ileile inarudi na uniti 24 tu. Na kama mita ilikaa miezi mitatu bila kununuliwa umeme, kodi ya miezi hiyo inakatwa kwa mkupuo. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo tutaiweka pembeni. Kama hujui tarifa yako, chukua ujumbe wa manunuzi ya pili au ya tatu ya mwezi, gawanya pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata. Njia hii haikosei, na inafaa pia Kenya au Zanzibar, ambako makato ni mengine.

Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Kwa hiyo chukua wati za kifaa, zidisha kwa saa kinazotumika kwa siku, gawanya kwa 1,000, kisha zidisha kwa siku 30:

```
wati × saa ÷ 1000 × 30 = uniti za mwezi
```

Wati zimeandikwa nyuma au chini ya kifaa, kwenye kibandiko chenye herufi W. Angalia hapo, usiangalie kwenye boksi. Subufa iliyoandikwa maelfu ya wati za PMPO kwa mbele inaweza kuwa inavuta wati 40 tu ukutani. Ile namba ya mbele ni ya kuuzia. Kama kibandiko kinataja ampea peke yake, zidisha kwa 230 upate makadirio ya juu.

Sasa tuingie kwenye nyumba yetu ya mfano, ya vyumba vinne. Bibi ana taa ya wati 9 inayowaka saa sita, redio ya wati 10 kwa saa tano, na simu ya kuchaji. Jumla yake kwa mwezi haifiki uniti 4. Chumba cha jirani kuna kijana mwenye taa, subufa na feni. Feni ndiyo ya kutazama: wati 55 zinaonekana kidogo, lakini joto la Dar linaifanya izunguke saa tisa kila usiku, na hapo peke yake inakula uniti 15 kwa mwezi. Pamoja na vingine anafika uniti 20.

Chumba cha tatu ni cha mfanyakazi wa ofisini, anayeshutumiwa kwa pasi. Pasi yake ni ya wati 1,000 na anaitumia dakika 20 kila asubuhi. Ukizidisha moja kwa moja unapata uniti 10 kwa mwezi, lakini hesabu hiyo inamwonea. Pasi ikishapata moto hujikata yenyewe, ikipoa inawaka tena, na kile kitaa chake kinachozima na kuwaka ndicho kinachoonyesha. Kwa pasi ya moto wa kati, kadiria nusu ya muda, yaani uniti 5 kwa mwezi. Jagi la kuchemshia maji nalo linatisha kwa wati zake 1,800 au 2,000, ila linafanya kazi dakika chache. Lita moja ya maji inahitaji takriban sehemu moja ya kumi ya uniti kuchemka, hata jagi liwe na wati ngapi. Lenye nguvu linawahi kumaliza tu. Akichemsha lita moja asubuhi na moja jioni, ni uniti 6 kwa mwezi. Ukiongeza feni na taa yake, jamaa anafika uniti 27.

Kinachopotosha watu katika hesabu hizi ni saa zaidi ya wati. Mtu atataja wati za pasi kwa hofu, asikumbuke feni. Atasema tivii huwaka "jioni tu", kumbe inawashwa watoto wakirudi shule saa nane na kuzimwa baada ya taarifa ya habari.

Na friji? Kibandiko chake kinasema wati 120 na imechomekwa saa 24. Ukizidisha hivyohivyo unapata uniti 86, na mwenye friji atakuwa amehukumiwa bila kusikilizwa. Friji haivuti umeme muda wote. Kompresa huunguruma, baridi ikifika inanyamaza, joto likipanda inaanza tena. Friji nzima, kwenye chumba cha joto chenye watoto wa kufungua mlango kila saa, tuikadirie saa 11 za kuunguruma kwa siku. Hizo ni uniti 40 kwa mwezi. Ongeza tivii na king'amuzi kwa saa sita, feni, na taa mbili, chumba hiki kinafika uniti 68.

Zimebaki taa ambazo hakuna anayezidai: tatu za nje na za korido, wati 9 kila moja, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Zinakula karibu uniti 10 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya chumba cha bibi.

Jumla ya nyumba ni uniti 129, yaani Sh46,000 hivi. Wakigawana sawa, kila chumba ni Sh11,500. Wakigawana kwa matumizi, huku taa za nje wakichangia sawa, bibi anatakiwa alipe Sh2,200, kijana Sh8,100, mfanyakazi Sh10,600, na chumba cha friji Sh25,100. Kwa hiyo shutuma ya friji ina ukweli, lakini ya pasi haina. Anayeonewa kila mwezi ni yule asiyesema.

Kabla ya kubandika hesabu hii ukutani, ipime na mita. Uniti 129 kwa mwezi ni uniti 4.3 kwa siku. Soma salio la mita asubuhi, lisome tena kesho yake saa ileile, fanya hivyo kwa wiki, ukikumbuka siku za kukatika umeme. Tofauti ndogo haina shida. Lakini tuseme mita inashuka uniti 5.4 kwa siku. Kuna uniti 1.1 inayopotelea mahali.

Hapo kitaa chekundu cha mita ndicho cha kuuliza. Pembeni yake mara nyingi pameandikwa `1000 imp/kWh`, maana yake kikimweka mara 1,000 uniti moja imekwisha. Zima na kuchomoa kila kitu, kitaa kikiendelea kumweka kuna waya unaovuja au mtu amejiunganishia, na hiyo ni kazi ya fundi. Kikitulia, washa kifaa kimoja na uhesabu kwa dakika moja. Zidisha mimweko kwa 60, upate wati zinazovutwa kwa wakati huo. Mita ikiandikwa `1600`, zidisha kwa 60 kisha gawanya kwa 1.6.

Friji yetu, ikiunguruma, itamweka mara mbili kwa dakika, kwa hiyo wati 120 za kibandiko ni za kweli. Kosa litakuwa kwenye saa. Iache peke yake usiku, usikilize: kama inaunguruma karibu bila kupumzika, saa 20 badala ya 11, zile saa tisa za ziada ni karibu uniti 1.1 kwa siku. Tumempata mwizi. Bana karatasi kwenye mlango wa friji na uivute. Ikitoka kirahisi, mpira wa mlango umechoka na hewa ya joto inaingia usiku kucha. Barafu nene kwenye friza na friji iliyosukumwa hadi ukutani huleta matokeo hayohayo. Kwa bei ya T1, mpira huo unamaliza zaidi ya Sh11,000 kwa mwezi, na kama mchango ni sawa kwa sawa, bibi naye anaulipia.

Kuna hesabu nyingine ambayo wapangaji wengi hawaifanyi. TANESCO ina tarifa ya D1 kwa wateja wa nyumbani ambao wastani wao hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Humo uniti ni Sh100, na Sh122 ukiweka makato. Uniti 75 zote ni Sh9,150. Unazonunua zaidi ya hapo ndani ya mwezi zinauzwa Sh350 kabla ya makato. Tazama tena vyumba vyetu, kila kimoja na fungu lake la taa za nje: uniti 6, 23, 30 na 70. Hakuna hata kimoja kinachovuka 75, hata cha friji. Lakini mita inaona nyumba moja ya uniti 129, na nyumba hiyo haina nafasi kwenye D1.

Kila chumba kingekuwa na mita yake ya TANESCO kwenye D1, uniti zilezile 129 zingegharimu Sh15,700 badala ya Sh46,000. Mwenye friji angelipa Sh8,600, maadamu ameshabadilisha mpira. Bila hivyo angevuka 75 na kufika Sh21,000. Kinachowekwa na wenye nyumba wengi ni mita ndogo ndani ya kila chumba, na hiyo inamaliza ugomvi wa nani katumia nini, ila haigusi bei: umeme bado unanunuliwa kwenye mita kubwa, kwa Sh356. Kuunganishiwa mita nyingine kuna gharama, na maombi yanapita kwa mwenye nyumba. Mpangaji anayekwenda kuzungumza naye aende na ile karatasi yenye namba mbili, 46,000 na 15,700, na salio la mita la siku saba.