Ijumaa Watapanda Wangapi?

Ijumaa walisafiri abiria 540, Jumatatu iliyofuata wakasafiri 418. Je, biashara imeshuka? Mtu anayeijua barabara ya Dar es Salaam hadi Morogoro hatasumbuka na swali hilo. Ijumaa ni Ijumaa: watu wanakwenda kwao, wanafunzi wanatoka vyuoni, wenye sherehe na misiba wanawahi mwisho wa wiki. Jumatatu haina hayo. Lakini ukimuuliza mtu huyohuyo kama Jumatatu ya watu 418 ni nzuri au mbaya kwa Jumatatu, na inatuambia nini kuhusu mabasi ya kutenga Ijumaa ijayo, atakuna kichwa.

Ugumu ni kwamba hesabu ya siku moja imebeba mambo matatu kwa pamoja. Kuna ukubwa wa biashara kwa sasa, kuna upande inakoelekea, na kuna tabia ya siku yenyewe. Iko njia ya kuyatenganisha kwa kalamu, daftari na kikokotoo cha simu. Wataalamu wanaiita njia ya Holt na Winters. Charles Holt aliandika kuhusu kulainisha takwimu zenye mwelekeo na msimu mwaka 1957, akiwa katika taasisi ya Carnegie ya Pittsburgh, Marekani. Mwaka 1960 mwanafunzi wake, Peter Winters, aliijaribu njia hiyo kwenye takwimu za mauzo na kuitangaza. Kompyuta zilikuwa chache na ghali wakati huo, kwa hiyo sifa kubwa ya njia hii ilikuwa kwamba haimlazimu mtu kutunza rundo la kumbukumbu. Anahitaji namba chache tu, anazozirekebisha kila jioni.

Tuchukue kampuni ya kubuni yenye mabasi yanayotoka Mbezi Luis kwenda Msamvu. Wiki ya kwanza, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, karani ameandika abiria 380, 330, 320, 360, 520, 470 na 420. Jumla ni 2,800, wastani wa 400 kwa siku. Wiki ya pili ameandika 396, 336, 338, 370, 540, 486 na 432. Jumla ni 2,898, wastani wa 414.

Kutoka hapo tunapata namba za kuanzia. Wastani umepanda kwa abiria 14 ndani ya siku saba, yaani abiria wawili kila siku. Huo ndio mwelekeo. Wastani wa 414 unawakilisha katikati ya wiki ya pili, yaani Alhamisi. Kutoka Alhamisi hadi Jumapili ni siku tatu, kila siku abiria wawili, kwa hiyo Jumapili usiku ukubwa wa biashara ni 420. Huo tuuite kiwango: idadi ya abiria ambayo siku isiyo na tabia yoyote ingeipata.

Tabia ya siku tunaipima kwa kugawa. Ijumaa ya kwanza, 520 kwa 400 ni 1.30, na ya pili, 540 kwa 414, nayo ni karibu 1.30. Maana yake Ijumaa hubeba asilimia 30 zaidi ya siku ya wastani. Tukifanya hivyo kwa siku zote na kuchukua wastani wa wiki mbili, tunapata Jumatatu 0.95, Jumanne 0.82, Jumatano 0.81, Alhamisi 0.90, Ijumaa 1.30, Jumamosi 1.17 na Jumapili 1.05. Hivi ni vizidishi vya siku. Jumla yake lazima iwe 7, kwa kuwa kinachozidi siku moja hupungua siku nyingine. Ikitokea baada ya wiki kadhaa jumla imefika 7.04, kila kizidishi kinazidishwa kwa 7 na kugawanywa kwa 7.04, kisha kazi inaendelea.

Jumapili usiku, basi, karani ana kiwango 420, mwelekeo 2 na vizidishi saba. Makadirio ya Jumatatu ni 420 kuongeza 2, mara 0.95, yaani abiria 401. Jumatatu ikaleta 418. Jioni hiyo anafanya hesabu tatu, kwa mpangilio huu:

```
kiwango kipya   = 0.2 × (abiria ÷ kizidishi) + 0.8 × (kiwango cha jana + mwelekeo wa jana)
mwelekeo mpya   = 0.1 × (kiwango kipya − kiwango cha jana) + 0.9 × mwelekeo wa jana
kizidishi kipya = 0.1 × (abiria ÷ kiwango kipya) + 0.9 × kizidishi cha wiki iliyopita
```

Kwanza anaivua Jumatatu tabia yake: 418 kugawa kwa 0.95 ni 440. Habari ya leo inasema biashara ni 440, na aliyoyajua jana yanasema 422. Haamini upande mmoja peke yake. Anachukua asilimia 20 ya 440, yaani 88, na asilimia 80 ya 422, yaani 337.6. Kiwango kipya ni 425.6. Kimepanda kwa 5.6 tangu jana, kwa hiyo mwelekeo nao unasogea: 0.56 kuongeza 1.8 ni 2.36. Mwisho, 418 kugawa kwa 425.6 ni 0.982, na kizidishi cha Jumatatu kinatoka 0.95 kwenda 0.953. Namba hiyo inawekwa hadi Jumatatu ijayo. Vizidishi vya siku nyingine haviguswi.

Kwa Jumanne makadirio ni 425.6 kuongeza 2.36, mara 0.82, ambayo ni 351. Wakaja 344. Hesabu zilezile zinaleta kiwango 426.3, mwelekeo 2.19 na kizidishi cha Jumanne 0.819. Sasa Jumanne usiku meneja anataka kujua mabasi ya Ijumaa. Ijumaa iko siku tatu mbele, kwa hiyo mwelekeo unazidishwa kwa tatu: 426.3 kuongeza 6.6 ni 432.9, mara 1.30, karibu abiria 563. Ijumaa iliyopita walikuwa 540. Tofauti hiyo ya watu 23 ni basi dogo zima, nayo imeonekana siku tatu kabla.

Zile 0.2 na 0.1 zinaamua njia hii isahau haraka kiasi gani. Kwa 0.2, habari ya leo ina uzito wa asilimia 20, ya jana 16, ya juzi karibu 13, na kila siku ikirudi nyuma uzito unapungua kwa moja ya tano. Ukiweka 0.6, makadirio yataruka huku na huko kwa kila mvua iliyonyesha. Ukiweka 0.02, yatachelewa mno kutambua kwamba mambo yamebadilika. Namna ya kuchagua ni kuchukua daftari la miezi iliyopita, kupitisha hesabu kwa namba mbalimbali na kubaki na ile iliyokosea kwa abiria wachache zaidi kwa wastani. Makosa hayo yalinganishwe pia na kanuni ya kivivu ya kurudia idadi ya siku kama hiyo wiki iliyopita. Kwa Jumatatu yetu kanuni hiyo ingesema 396 na kukosa abiria 22, nasi tumekosa 17. Kwa Jumanne ingekosa 8, nasi 7. Siku mbili hazithibitishi kitu, lakini njia ambayo kwa miezi haiishindi kanuni ya kivivu haistahili jasho la karani.

Njia hii hujifunza kila kinachoandikwa, hata kisichofaa kujifunzwa. Morogoro ni mwenyeji wa maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Mashariki, na tarehe 8 Agosti haikai siku moja: mwaka 2023 ilikuwa Jumanne, mwaka 2024 Alhamisi, mwaka 2025 Ijumaa. Tuseme kwa kampuni yetu sikukuu imeangukia Jumatano inayofuata. Makadirio ya kawaida ni 347, wakaja 560. Karani akiingiza 560 kama siku yoyote, kiwango kinaruka kutoka 426 hadi 481 na mwelekeo kutoka abiria 2 hadi zaidi ya 7 kwa siku. Makadirio ya Alhamisi yanakuwa 440 badala ya 388: abiria 52 wasiokuwepo. Kibaya zaidi, kizidishi cha Jumatano kinapanda kutoka 0.81 hadi 0.845, na wiki nzima baadaye, maonyesho yakiwa yamekwisha, daftari bado linasubiri umati.

Dawa yake ni rahisi. Idadi halisi ya 560 inaandikwa na kuwekewa alama pembeni, lakini katika hesabu ya jioni inatumika 347 iliyokadiriwa. Kiwango kinasogea kwa mwelekeo tu, na kizidishi cha Jumatano kinabaki kilivyokuwa. Zile 560 zinahifadhiwa kwenye ukurasa wa sikukuu ili zisaidie Nane Nane ijayo. Idd inahitaji ukurasa huo hata zaidi, maana kila mwaka hurudi nyuma kwa takriban siku 11 na kuangukia siku tofauti ya wiki. Tahadhari kama hiyo inahusu siku ambayo viti vimejaa. Ikiwa Ijumaa mabasi yote yana viti 540 na tiketi 540 zimeuzwa, namba hiyo inaonyesha idadi ya viti tu. Wanaorudishwa dirishani nao wahesabiwe, la sivyo kizidishi cha Ijumaa kitazidi kushuka kadiri biashara inavyokua.

Lipo badiliko jingine ambalo halipaswi kufichwa. Treni ya SGR ilianza safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Tukio la namna hiyo linaweza kuishusha kampuni kama yetu kutoka kiwango cha 430 hadi 330, na hapo ndipo itabaki. Hata tukiuweka mwelekeo kando, hesabu yenye 0.2 itakuwa bado juu kwa abiria 51 baada ya siku tatu, na kwa 21 baada ya wiki. Katika siku hizo inavilaumu pia vizidishi, kana kwamba Jumatatu imeharibika yenyewe.

Ishara yake inaonekana kwenye safu ya makosa, ambayo karani huandika kila jioni kwa alama ya kuongeza au kutoa. Wiki ya kawaida alama huchanganyika: Jumatatu yetu ilikuwa +17, Jumanne −7. Siku saba mfululizo za upande mmoja ni kama sarafu kuanguka vilevile mara saba, jambo linalotokea kwa bahati mara moja kati ya 64. Hapo asisubiri hesabu ijirekebishe polepole. Achukue siku hizo saba, agawe kila moja kwa kizidishi chake cha kabla ya badiliko, atafute wastani, auandike kama kiwango kipya, arudishe mwelekeo kuwa sifuri, na vizidishi vya zamani aviache vilivyokuwa. Abiria waliobaki huenda bado wanaipenda Ijumaa kuliko Jumanne, na kama sivyo, wiki chache zinazofuata zitaonyesha.