Kijana na Nyumba ya Pili

Kijana mmoja wa Muthangari, baada ya kumzika baba yake ambaye hakuacha wosia, aliomba mahakama impe usimamizi wa mirathi. Ombi lilipotangazwa katika Gazeti Rasmi, mjane mwingine alileta pingamizi ndani ya siku 30, akathibitisha kwamba alikuwa ameolewa kimila.

Kijana alidhani ndoa ya kanisani ya mama yake ilimzuia. Sivyo. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, humhesabu mke huyo pamoja na watoto wake. Kila mtoto ni fungu moja, mjane vilevile. Nyumba ya kwanza ilikuwa na watu 4, ya pili 5. Hivyo ekari 9 ziligawanywa 4 kwa 5. Kama angaliwaficha, hati yake ingaliweza kufutwa.