Kamisheni inayofukuza wauzaji

Muuza simu wa Kariakoo kanunua simu kwa shilingi 285,000, anaiuza 300,000. Jirani yake wa magauni kachukua gauni kwa 22,000, analiuza 40,000. Wewe unayepanga kuanzisha soko la mtandaoni umewaalika wote wawili, na ili kurahisisha mambo umeandika kwenye mkataba kwamba kila mauzo yatakatwa kamisheni ya 10%. Muuza magauni atatoa 4,000 na kubaki na 14,000, wala hatalalamika. Muuza simu anadaiwa 30,000 kwa mali iliyomletea faida ya 15,000.

Usidhani ataondoka. Atabaki, ila atageuza tovuti yako kuwa kabati la maonyesho. Namba yake ya simu ataiandika kwenye boksi kabla ya kulipiga picha, na mteja akipiga ataambiwa, "Kaka, usilipie huko, njoo dukani nikupunguzie." Hali hii huonekana mapema ukiitazama: bidhaa inatazamwa na watu wengi, meseji zinaingia, oda ni chache. Au oda inaingia, halafu muuzaji mwenyewe anaifuta dakika chache baada ya kuiona namba ya mteja, akisingizia kuwa mzigo umeisha.

Wengi hukimbilia kuficha namba na kutishia faini. Mimi ningeanza na kiwango. Amazon, pamoja na ukubwa wake, nchini Marekani hutoza takriban 8% kwa vifaa vingi vya elektroniki na 17% kwa nguo za zaidi ya dola 20, kwa sababu faida ya bidhaa hizo haifanani. Kabla ya kupanga asilimia zako, kaa na wauzaji watatu au wanne wa kila aina ya bidhaa, uliza bei ya kununulia, ndipo uandike. Kwa simu kama ile, hata 3% ni shilingi 9,000, zaidi ya nusu ya faida yake.

Swali linalofuata ni asilimia ya nini. Gauni ni 40,000 na bodaboda 5,000, mteja kalipa 45,000. Ukikata 10% ya jumla, unachukua 4,500, yaani umemtoza muuzaji kamisheni hata kwenye pesa ya dereva. Inaonekana ni dhuluma, lakini Etsy hutoza 6.5% pamoja na gharama ya kusafirisha, na sababu yao si ya kipuuzi: ukiisamehe nauli, mjanja ataandika gauni 10,000 na usafiri 35,000. Kwa hiyo ukitaka kukata kwenye bei ya bidhaa peke yake, nauli ipangwe na tovuti, isipangwe na muuzaji.

Kama kampuni yako imesajiliwa VAT, kuna 18% juu ya kamisheni yenyewe: 720 juu ya zile 4,000. Muuzaji atapokea 35,280. Aione hesabu hiyo siku anapoweka bidhaa, asije akaigundua siku ya malipo.

Na siku ya malipo ni lini? Mteja akiruhusiwa kurudisha gauni ndani ya siku 7, ukimlipa muuzaji siku ya 2 utaanza kumtafuta urudishiwe. Ukimchelewesha, mwenye mtaji mdogo atakosa pesa ya kununua mzigo mwingine. Njia ninayoiona ya haki ni mgeni kusubiri siku 7, na muda ufupishwe akishamaliza, tuseme, oda 20 bila malalamiko. Gauni likirudi, kamisheni nayo irudi. Nauli ya kwenda na kurudi ailipe muuzaji kama alituma saizi isiyo yake, na mteja kama kabadili mawazo tu.

Waambie pia mafundi wako waandike kiwango cha kamisheni ndani ya kila oda. Wakikiacha mfumo usome kiwango cha leo, siku utakapopandisha kutoka 10% hadi 12%, oda za juzi ambazo bado hazijafika zitakatwa 12%, na simu za malalamiko hazitakwisha wiki nzima.

Haya yote yasemwe siku muuzaji anapojiunga. Chukua namba yake ya NIDA na TIN, kisha mtumie shilingi 500 kwenye namba atakayolipwa. Jina likitokea la mtu mwingine, simama hapo hapo, kwa sababu likizuka deni hutajua umdai nani. Mruhusu bidhaa 10 kwanza. Halafu mpe bidhaa yake mwenyewe, kwa bei yake, umwambie akokotoe atapokea kiasi gani na siku gani. Akikosea, rudini kwenye mkataba pamoja kabla hajaweka hata picha moja.