Mvulana wa Turkana na Maswali Matatu Yaliyochanganywa

Agosti 1984, magharibi mwa Ziwa Turkana, mtafutaji mahiri wa visukuku Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha mfupa wa fuvu ardhini, mahali panapoitwa Nariokotome. Wenzake walichimba hapo, na ndani ya misimu michache walikuwa na karibu kiunzi kizima cha mvulana aliyekufa kabla ya kubalehe. Mpaka leo ni vigumu kupata kiunzi kingine cha umri huo kilichobaki kamili kiasi hicho. Dunia nzima inamjua kama Mvulana wa Turkana.

Kwa miaka mingi mifupa yenyewe ilihifadhiwa chini ya kufuli katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi. Makumbusho yalipofungwa kwa ukarabati, wasimamizi walitangaza kwamba yatakapofunguliwa tena mvulana huyo angewekwa mbele ya macho ya umma. Hapo ndipo mzozo ulipozuka. Mwaka 2006, Askofu Boniface Adoyo, akizungumza kwa niaba ya makanisa ya kiinjili, alipinga mpango huo. Alikataa kwamba yeye ametokana na kiumbe kama huyo, na akataka visukuku visipewe nafasi ya mbele, au angalau viwekewe maelezo kwamba mageuko ni nadharia moja tu miongoni mwa nyingine. Richard Leakey, aliyeongoza kazi ya Turkana, alimjibu kwa ukali. Vyombo vya habari vya nje vikaliona jambo hilo kuwa pambano la kanisa na sayansi, na hadithi ikaishia hapo.

Kwa maoni yangu, hadithi ile haikuelezwa ilivyo. Ndani ya mzozo huo mlikuwa na maswali matatu tofauti. La kwanza: mifupa hii ina umri gani, na ina uhusiano gani na miili yetu? La pili: je, Mungu ndiye aliyemuumba mwanadamu, na kwa namna gani? La tatu: taasisi inayoendeshwa kwa fedha za umma ionyeshe nini, na nani aamue? Anayeyajibu yote matatu kwa pumzi moja hawezi kuelewana na yeyote, hata akiwa na nia njema.

Tuanze na la kwanza, maana hili lina njia ya kulijibu. Bonde la Turkana limejaa tabaka za majivu ya volkano zilizolala kati ya tabaka za udongo na mchanga. Ndani ya majivu hayo mna madini yenye potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo hubadilika polepole kuwa gesi ya agoni, kwa mwendo unaojulikana. Mawe yanapoyeyuka ndani ya volkano, agoni iliyokuwamo hutoroka. Yakipoa na kuganda, gesi mpya inayozaliwa hunaswa ndani. Kwa hiyo kiasi cha agoni kinaeleza muda uliopita tangu volkano ilipolipuka. Mfupa wenyewe haupimwi kwa njia hii. Hupimwa majivu yaliyo chini na juu ya tabaka uliolala, na umri wa mfupa lazima uwe katikati. Njia hii ina mipaka yake: majivu yaliyosombwa na mto na kuchanganyika na mawe ya zamani zaidi yanaweza kutoa jibu la uongo. Ndiyo maana wanajiolojia hupima punje nyingi na kulinganisha tabaka moja na nyingine. Kwa Mvulana wa Turkana jibu ni takriban miaka milioni 1.5.

Mwili wake kuanzia shingoni kwenda chini unafanana sana na wetu: miguu mirefu, kiuno cha mtu anayetembea wima. Ubongo wake ulikuwa kama theluthi mbili tu ya wetu. Hayo ni matokeo ya vipimo, na yeyote mwenye ujuzi na vifaa anaweza kuyarudia.

Je, matokeo hayo yanamfanya nini muumini? Hapa tunamhitaji Ian Barbour, Mmarekani aliyesomea fizikia kisha teolojia. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1990 alionyesha kwamba watu huhusisha sayansi na dini kwa njia nne: mgogoro, utengano, mazungumzo na muungano. Mpangilio huo umekosolewa kwa kuwa maisha ya watu hayagawanyiki kwa unadhifu hivyo. Hata hivyo unatusaidia kusikia mtu anasema nini hasa.

Mgogoro ndio unaosikika zaidi, na watu husahau kwamba una watetezi pande zote mbili. Richard Dawkins, mwanabiolojia aliyezaliwa Nairobi mwaka 1941, anaichukulia imani ya kuwapo kwa Mungu kama dai kuhusu ulimwengu linaloshindana na maelezo ya sayansi, na kwake sayansi imeshinda. Mhubiri anayefundisha kwamba dunia ina miaka isiyozidi elfu kumi anakubaliana naye kuhusu uwanja wa mchezo: kwake pia Mwanzo na jiolojia zinajibu swali lilelile, ila mshindi ni Mwanzo. Wanapingana juu ya matokeo tu. Halafu hata wanaoshika uumbaji hawako kambi moja. Wapo wanaosoma zile siku sita kuwa vipindi virefu, kwa hiyo umri wa majivu ya Turkana hauwasumbui. Wapo watetezi wa dunia changa wanaosema huyu mvulana alikuwa mwanadamu kamili, mzao wa Adamu, na wanachokataa ni tarehe tu. Mtu aliyesema Nairobi kwamba hana nasaba na kiumbe yule hakuwa akiwasemea wote hao.

Utengano unajaribu kumaliza ugomvi kwa kuweka mpaka. Stephen Jay Gould, mtaalamu wa visukuku wa Marekani, aliutetea mwaka 1997: sayansi inashughulikia maumbile yalivyo na yanavyofanya kazi, dini inashughulikia maana ya maisha na maadili, na hakuna anayevuka kwenda kwa mwenzake. Watu wengi waliosoma shuleni huishi hivi bila kulipa jambo jina. Darasani wanajibu mtihani wa biolojia, Jumapili au Ijumaa wanasali, na maisha yanaendelea. Ni njia ya amani, na kwa swali la majivu ya volkano inatosha kabisa.

Lakini haitoshi kwa Adamu. Ukristo na Uislamu havisemi juu ya maadili peke yake. Vinasema pia juu ya mambo yaliyotokea, na juu ya wazazi wa kwanza. Mtu akisema watu wote wametoka kwa baba mmoja na mama mmoja, amesema jambo linalogusa historia ya jamii ya wanadamu, na mpaka wa Gould unavukwa hapo hapo. Mimi naona huu ndio udhaifu mkubwa wa njia ya utengano, na hauondoki kwa kuwaomba waumini wanyamaze.

Papa Pius wa Kumi na Mbili alilikabili jambo hili mwaka 1950. Katika waraka wake aliruhusu wataalamu Wakatoliki wachunguze iwapo mwili wa mwanadamu ulitokana na viumbe hai vilivyotangulia, huku akishikilia kwamba roho ya kila mtu huumbwa na Mungu moja kwa moja. Hakuruhusu uhuru uleule kwa wazo la kwamba wanadamu walitokana na wazazi wa kwanza wengi. Mwaka 1996 Yohane Paulo wa Pili akaongeza kwamba nadharia ya mageuko sasa ni zaidi ya dhana tupu. Haya ndiyo Barbour aliyoyaita mazungumzo: kila upande unabaki na kazi yake, lakini unasikiliza pale unapoguswa. Na sayansi imeleta jambo la kusikiliza. Tofauti zilizomo katika jeni za watu wa leo ni nyingi mno kuweza kutokana na watu wawili peke yao katika miaka laki kadhaa iliyopita. Zinaonyesha jamii ya maelfu ya watu. Wanateolojia Wakatoliki wanaendelea kulijadili hilo waziwazi: je, Adamu ni mtu mmoja aliyechaguliwa kati ya wengi, au simulizi yake inasema juu ya jamii nzima?

Kwa Waislamu mlango uko mahali pengine. Kurani haitoi hesabu ya vizazi ya kupima umri wa dunia, kwa hiyo miaka milioni 1.5 haileti shida yenyewe. Ubishi unabaki kwa Adamu, aliyeumbwa bila baba wala mama. Mwanachuoni David Solomon Jalajel amependekeza msimamo uliojengwa juu ya kanuni ya zamani ya elimu ya itikadi, yaani tawakufu: pale ambapo andiko limenyamaza, muumini hakubali wala hakatai kwa jina la dini. Andiko halikusema kwamba kabla ya Adamu au pembeni yake hapakuwa na viumbe waliofanana na watu. Kwa hiyo Mwislamu anaweza kumwamini Adamu kama muujiza, na akaiachia jiolojia majivu yake. Shoaib Ahmed Malik, katika kitabu chake cha 2021 kinachotumia fikra za Al-Ghazali, amepanga misimamo mbalimbali ya Waislamu kuhusu jambo hili, na amesaidia wengi kuona kwamba kati ya kukana na kukubali yote kuna hatua kadhaa.

Njia ya nne, muungano, hutaka kufanya sayansi na imani kuwa mfumo mmoja. Padri Teilhard de Chardin, Mjesuiti aliyekuwa pia mtaalamu wa visukuku, aliyasoma mageuko yote kama safari ya kuelekea kwa Kristo. Kuna ukubwa wa moyo katika wazo hilo. Lakini muungano una hatari, na iliyo wazi zaidi ilionekana mahakamani huko Dover, Pennsylvania, mwaka 2005. Bodi ya shule ilitaka wanafunzi waelezwe juu ya usanifu wenye akili, na shahidi wake Michael Behe alidai kwamba mkia unaozunguka wa bakteria hauwezi kujengwa hatua kwa hatua, kwa sababu ukitoa sehemu moja haufanyi kazi. Kenneth Miller, mwanabiolojia na Mkatoliki, alionyesha kwamba sehemu kadhaa zilizo kama za mkia huo hufanya kazi nyingine katika bakteria wengine: hutumika kama sindano ya kuingiza sumu. Bodi ilishindwa. Wazazi waliofungua kesi walikuwa na waumini miongoni mwao, na shahidi wao mkuu alikuwa muumini pia. Anayemweka Mungu mahali ambapo sayansi haijafika hulazimika kumhamisha kila inapofika.

Nairobi hapakuwa na kesi. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008, na visukuku vya wanadamu wa kale vikapewa ukumbi wake. Nadhani wasimamizi walifanya sawa, kwa sababu swali la tatu, la nini kionyeshwe, lilikuwa na jibu jepesi: taasisi ya utafiti huonyesha ilichokipata na jinsi ilivyokipima. Askofu alikuwa na haki ya kusema, na washirika wake walikuwa na haki ya kusikia kutoka madhabahuni teolojia inayomfikiria Adamu kwa uzito. Bango la tahadhari juu ya mifupa lisingewapa teolojia hiyo.

Ninawaomba walimu wa biolojia na wahubiri wetu jambo moja. Mwanafunzi akiuliza kama Adamu alikuwapo, mwalimu asimjibu kwa agoni, na akiuliza umri wa majivu ya Nariokotome, mhubiri asimjibu kwa aya. Na akiuliza yote mawili kwa pamoja, kama wanavyofanya wanafunzi hodari, mwambieni kwanza mnaongea kwa njia ipi kati ya hizo nne, kisha mpeni jibu lenu zima.