“Kwangu Inafanya Kazi”

Ripoti nyingi za hitilafu hufia kwenye jibu hilo. Mjaribu anaandika kwamba programu inakosea, msanidi anaifungua kwenye simu yake, haoni kosa, anaifunga ripoti na kuendelea na kazi nyingine. Jibu hilo limezoeleka mno, hata Bugzilla, mfumo wa kufuatilia hitilafu uliotoka kwenye mradi wa Mozilla mwaka 1998, unalo alama yake rasmi: `WORKSFORME`. Kwa kawaida hapo hakuna anayedanganya. Simu mbili zimepewa kazi ileile, zikatoa majibu mawili, na ripoti haikusema zinatofautiana wapi.

Tuseme kuna programu ya Android ya kutunza daftari la kikundi cha kuweka na kukopa. Wasanidi wako Arusha, mjaribu yuko Lubumbashi. Anaandika mchango wa faranga 12,500, anathibitisha, anahifadhi, kisha anakuta daftari limeandika 12,5. Anatuma picha ya daftari na maneno haya: “Programu inakula pesa za wanachama, rekebisheni haraka!” Ana haki ya kukasirika. Lakini msanidi anajaribu 12,500 kwenye simu yake, anapata 12,500, na kutoka hapo hana pa kuanzia. “Kula pesa” inaweza kuwa makato, kujumlisha vibaya, au mchango kutofika kabisa kwenye seva.

Sasa mjaribu huyohuyo aandike upya. Aanze na hatua, na hatua zenyewe zianzie mahali ambapo yeyote anaweza kufika: programu imefungwa, inafunguliwa upya, mtumiaji anaingia kama mweka hazina. Kila mguso upate mstari wake, na kile kilichoandikwa kwenye kisanduku kitajwe kama kilivyo. “Weka kiasi” haitoshi, maana katika mfano huu siri yote imo ndani ya hicho kiasi.

```
1. Fungua programu, ingia kama mweka hazina
2. Bonyeza "Mchango mpya", chagua mwanachama wa majaribio
3. Andika 12500, bonyeza "Endelea"
4. Kwenye skrini ya kuthibitisha bonyeza "Hifadhi"
Nilichotarajia: daftari lionyeshe 12.500
Kilichotokea: daftari linaonyesha 12,5
Imetokea kila mara
```

Mistari miwili kabla ya mwisho huachwa na wengi, wakidhani kosa linajieleza. Si kila kosa hujieleza: msanidi anaweza kudhani programu inafanya hasa ilichokusudiwa. Na huo mstari wa mwisho una uzito wake. Hitilafu inayotokea kila mara huwindwa tofauti na ile inayotokea mara moja katika kumi, ambayo mara nyingi hutokana na mtandao au na mambo mawili kugongana kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo kuna kazi inayomtofautisha mjaribu na mlalamikaji, nayo ni kubadilisha kitu kimoja tu na kurudia. Mjaribu wetu anabadilisha kiasi. Kwa 950, daftari liko sawa. Kwa 1,000, linaandika 1. Kwa 1,250,000 hakuna daftari kabisa: programu inajifunga yenyewe. Mjaribu wa haraka angetuma ripoti mbili, moja ya hesabu na nyingine ya kujifunga, nazo zingeishia mikononi mwa watu wawili. Zikiwekwa pamoja zinasema jambo moja: tatizo linaanzia elfu moja, pale ambapo tarakimu zinaanza kutenganishwa kwa alama. Msanidi akiusoma mpaka huo, nusu ya upekuzi imekwisha.

Nusu iliyobaki imo kwenye maelezo ya simu. Watu huandika “Samsung” wakaishia hapo. Kinachohitajika ni modeli kamili, toleo la Android, toleo la programu pamoja na namba yake ya ujenzi, na lugha ya simu ikiwa na nchi yake. Mengi ya hayo hupatikana kwenye Mipangilio, na mwenye kebo na kompyuta anaweza kusoma baadhi yake bila kukosea herufi:

```
adb shell getprop ro.product.model
adb shell getprop ro.build.version.release
adb shell getprop persist.sys.locale
```

Amri ya tatu kwenye simu ya Lubumbashi inajibu `sw-CD`, yaani Kiswahili cha Kongo. Simu ya Arusha ni `sw-TZ`. Lugha ni ileile, lakini uandishi wa namba si mmoja: Tanzania na Kenya hutenganisha maelfu kwa koma na kuweka nukta kwenye desimali, ilhali Kiswahili cha Kongo hufanya kinyume chake. Android inazijua kanuni zote mbili na kuzifuata. Programu yetu ilijua moja tu. Kwenye skrini ya kuthibitisha iliipamba namba kwa `String.format("%,d", kiasi)`, amri inayofuata desturi ya simu, kisha wakati wa kuhifadhi ikayachukua maandishi yaleyale, ikaondoa koma na kuyageuza kuwa namba. Arusha, “12,500” ikarudi kuwa 12500. Lubumbashi hapakuwa na koma ya kuondoa, basi “12.500” ikasomwa kuwa kumi na mbili na nusu. Na “1.250.000”, yenye nukta mbili, haisomeki kama namba hata kidogo, ndiyo maana programu ilijifunga.

Picha ya daftari aliyotuma mwanzo ilikuwa ya kweli, ila ilionyesha maafa yakiwa yamekwisha tokea. Picha iliyohitajika zaidi ni ya hatua iliyotangulia, ile skrini ya kuthibitisha yenye “12.500”, ambapo nukta inaonekana wazi kwa macho ya mtu wa Arusha. Ndiyo maana ni vizuri kupiga picha mbili: skrini ya mwisho iliyokuwa sawa machoni pako na ya kwanza iliyokosea. Usizikate kingo, kwa kuwa saa na alama za mtandao pale juu nazo ni ushahidi. Ujumbe wa kosa unakiliwe pia kama maandishi, maana maneno yaliyo ndani ya picha hayatafutiki kwa urahisi. Na yote yafanywe kwa mwanachama wa majaribio. Ripoti husomwa na wengi, na majina, namba za simu na akiba za watu halisi hazina kazi humo.

Mwaka 2008 watafiti waliwauliza wasanidi wa Apache, Eclipse na Mozilla ni nini kinachowasaidia zaidi ndani ya ripoti. Hatua za kurudia kosa zilikuwa miongoni mwa majibu ya juu kabisa, na ni hizohizo ambazo waripoti walisema ni ngumu kuzitoa. Sishangai. Kuziandika vizuri kunakulazimu uzifuate upya kama mgeni.

Dawa ya programu yetu ni fupi: kuhifadhi namba yenyewe, na maandishi yaliyopambwa yabaki ya kutazamwa tu. Toleo jipya likija, mjaribu azirudie hatua zake kwenye simu ileile, lugha ikiwa ileile, kwa viwango vyote vinne alivyovijaribu, kisha ndipo ripoti ifungwe. Toleo hilo halitarekebisha michango iliyokwisha hifadhiwa vibaya, kwa hiyo tarehe ambayo kosa lilionekana mara ya kwanza nayo iandikwe kwenye ripoti, ili wasanidi wajue waanzie wapi kulikagua daftari.