Kwa Nini Chati za Kitabuni Hazikosei: Barua kwa Darasa la Hisa



Juma lililopita mmoja wenu aliuliza: "Mwalimu, mbona chati za kitabuni zote zinatii, lakini za kwenye simu yangu hazitii?" Swali hilo linastahili jibu la maandishi. Mwandishi wa kitabu alichagua chati zake akiwa tayari anajua bei iliishia wapi. Ninyi mnatazama chati ambayo upande wake wa kulia bado ni mtupu.

Chukueni umbo la kichwa na mabega. Bei inapanda, inashuka, inapanda juu zaidi, inashuka tena, kisha inapanda mara ya tatu bila kukifikia kilele cha katikati. Ukiunganisha mabonde mawili yaliyo kati ya vilele hivyo unapata mstari wa shingo. Bei ikiuvunja kwenda chini, kanuni inasema itazidi kushuka kwa kadiri ya umbali uliopo kati ya kichwa na shingo.

Sasa twende Marekani mwaka 2009. Fahirisi ya hisa ya S&P 500 ilifunga siku ya tarehe 9 Machi ikiwa 676, kisha ikaanza kupanda. Tarehe 8 Mei ilifika 929, ambalo ndilo bega la kushoto. Tarehe 12 Juni ilifika 946, kichwa. Mwanzoni mwa Julai ilisimama 923, bega la kulia. Shingo ilikuwa karibu na 890, na umbali wake hadi kichwani ni pointi 56, kwa hiyo kanuni ilielekeza kwenye 834 hivi. Tarehe 10 Julai fahirisi ilifunga 879. Shingo ilikuwa imevunjika, na wachambuzi wengi walikuwa wameliona umbo hilo na kulizungumzia hadharani.

Tarehe 24 Julai, wiki mbili baadaye, fahirisi ilikuwa 979. Tarehe 3 Agosti ilifunga juu ya 1,000. Aliyeuza kwenye 879 akitegemea kununua tena kwa bei ya chini alijikuta pointi 100 upande usio wake.

Rudini kwenye chati hiyo mfunike kila kilichotokea baada ya tarehe 10 Julai. Hakuna mstari wala kilele kitakachowaonya kwamba hii ni ile itakayoshindwa. Lakini mwandishi anayetafuta mfano wa kufungulia sura yake ataipita, kwa sababu yeye anauona mwisho. Akishapata chati inayomfaa, anaikata pia: picha inaanza kabla kidogo ya bega la kwanza na kuishia pale anguko linapokamilika. Na mstari wa shingo anauchora akishajua ni mabonde gani yalikuja kuwa na maana. Simlaumu kwa hilo. Anataka mwanafunzi alitambue umbo, na umbo lililofifia halifundishi macho. Kosa linaanza pale msomaji anapochukua mfano wa umbo akaufanya ushahidi wa mafanikio.

Tufanye hesabu ya kudhania. Kitabu kina chati 10, na zote zimetimia. Tuseme mwandishi alizitoa kwenye kumbukumbu zenye maumbo 100 ya aina hiyo. Kama 90 yalitimia, 10 za kuchapa atazipata. Kama ni 20 tu yaliyotimia, bado atazipata, na kitabu kitafanana kabisa na kile cha kwanza. Kwa hiyo chati hizo 10 haziwezi kukuambia uko kwenye soko lipi kati ya hayo mawili. Kinachohitajika ni hesabu ya yale 90 yaliyoachwa.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 1959 Harry Roberts wa Chuo Kikuu cha Chicago alitengeneza mwenendo wa soko la wiki 52 kwa namba za bahati nasibu tu. Hapakuwa na mnunuzi wala muuzaji, lakini mchoro ulifanana na soko halisi, hata kichwa na mabega vikaonekana. Basi kuliona umbo hakutoshi kuthibitisha kwamba kuna nguvu nyuma yake.

Kwa kipindi kijacho, kila mmoja achague hisa moja kabla ya kutazama bei zake. Andika kwanza kanuni yako: kilele ni nini kwako, shingo imevunjika bei ikifunga wapi, na utasubiri siku ngapi. Kisha funika chati kwa karatasi na uisogeze kulia siku moja moja. Kila umbo likikamilika, andika uamuzi wako kwa kalamu ya wino kabla ya kufunua zaidi. Leteni daftari zima, pamoja na kila umbo lililoshindwa, kwa sababu hayo ndiyo nitakayoyasoma kwanza.

Mwalimu wenu